Picha moja, majibu sita: kutafuta masi ya moli kutokana na kushuka kwa kiwango cha kuganda

Jumapili moja jioni wanafunzi sita wa S6 walinitumia picha ile ile kwenye simu, wengine kutoka hapa Busia, wengine kutoka upande wa Tororo. Mmoja wao alikuwa ameipiga kwa mwanga wa taa ya sola, kutoka kwenye daftari la rafiki yake, kisha ikapita mkono kwa mkono kwenye WhatsApp hadi ikachakaa. Ukingo wa juu ulikuwa umekatwa na baadhi ya herufi zimefifia. Kila mmoja aliambatanisha jibu lake: 12.5, 49.7, 63.1, 125.4, 1277 na 0.72. Jibu sahihi ni 128, na hakuna aliyelipata.

Niliyatazama majibu hayo kabla ya kuitazama picha vizuri, na karibu kila moja lilinionyesha mwenye nalo aliteleza wapi. Katika hesabu hii kila kosa lina alama yake: kuna linalogawa jibu kwa kumi, kuna linalolipunguza nusu, kuna linalolipeleka mahali ambapo hakuna kitu duniani chenye uzito huo. Ukizijua alama hizo, hata picha mbovu inaweza kusomeka.

Swali lenyewe

Nikilitoa kwenye Kiingereza cha mtihani, swali linasema hivi. Gramu 1.92 za kitu kigumu cheupe X ziliyeyushwa katika gramu 50 za benzini. Myeyusho uliganda kwenye nyuzi 3.96 za Selsiasi. Benzini safi huganda kwenye nyuzi 5.50. X ina kaboni asilimia 93.75 na hidrojeni asilimia 6.25. Tafuta masi ya moli ya X, kisha fomula ya molekuli yake. Juu ya swali palikuwa na jedwali dogo la konstanti za viyeyushi.

Walioandaliwa kwa mtihani wa UACE wameshazoea muundo huu wa kuunganisha asilimia za elementi na kushuka kwa kiwango cha kuganda. Wengi huona ni kazi mbili. Mimi nawaambia waanze na asilimia, maana zile ndizo polisi wa hesabu nzima. Gawa 93.75 kwa 12 upate 7.81, gawa 6.25 kwa 1 upate 6.25. Uwiano ni 1.25 kwa 1, yaani atomi 5 za kaboni kwa 4 za hidrojeni. Fomula sahili ni C5H4, na uzito wake ni 64. Kwa hiyo, kabla hatujagusa kipimajoto, tunajua kwamba jibu lazima liwe 64, au 128, au 192, na kuendelea hivyo. Namba yoyote iliyo mbali na ngazi hizo ina ugonjwa.

Fomula wanayoikariri wengi ni hii, ambapo M ni masi ya moli, Kf ni konstanti ya kuganda ya kiyeyushi, w ni gramu za kitu kilichoyeyushwa, W ni gramu za kiyeyushi, na ΔT ni kushuka kwa kiwango cha kuganda:

```
M = (Kf × w × 1000) / (ΔT × W)
```

Fomula ni sahihi, ila inaficha makosa kwa sababu kila kitu kinaingia kwa mpigo mmoja na kutoka namba moja. Napenda mwanafunzi apite hatua kwa hatua. Kiwango cha kuganda kimeshuka kutoka 5.50 hadi 3.96, yaani nyuzi 1.54. Kwa benzini, moli moja katika kilo moja hushusha nyuzi 5.12, hivyo nyuzi 1.54 zimeletwa na 1.54 ÷ 5.12, yaani moli 0.301 kwa kila kilo. Sisi hatuna kilo, tuna gramu 50, kwa hiyo moli zilizomo ni 0.301 × 0.050, yaani 0.0150. Moli hizo ndizo zenye gramu 1.92. Gawa, upate takriban 127.7. Ngazi iliyo karibu ni 128, yaani C5H4 mara mbili. X ni C10H8, naftalini, ile ile ya vidonge vyeupe vyenye harufu kali ambavyo watu huweka kabatini kufukuza wadudu wa nguo.

Sasa tuje kwa wagonjwa wetu.

Jibu ni 12.5

Anza na kuliuliza jibu kama linawezekana. Hapa tumeshajua kwamba uzito hauwezi kuwa chini ya 64, na hata bila asilimia, 12.5 ni kama atomi moja ya kaboni iliyo peke yake. Hakuna kitu kigumu cheupe cha kaboni na hidrojeni chenye molekuli ndogo hivyo. Methani yenyewe, iliyo ndogo kuliko zote katika jamii hiyo, ni 16, nayo ni gesi.

Kisha angalia ni mara ngapi limekosea. Ukigawa 128 kwa 12.5 unapata kumi na kidogo. Kosa la mara kumi kamili huwa ni nukta ya desimali iliyohama. Kosa la mara kumi na kidogo ni jambo lingine: namba fulani imeongezewa tarakimu mwishoni. Ndicho kilichotokea. Mwenye daftari aliandika "50g" bila kuacha nafasi, na mkia wa g ulijikunja. Kwenye picha iliyofifia ikasomeka 509. Binti huyu akaweka 509 mahali pa W, na moli zake zikavimba mara kumi.

Kosa hili la g kugeuka 9 ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika picha za daftari, na kuna njia tatu za kulinasa. Kwanza, kila kipimo kina kizio chake. Ukisoma "509 ya benzini" jiulize 509 ya nini, gramu au mililita? Kama kizio hakipo, huenda kimemezwa na namba. Pili, tafuta 9 ambayo una hakika nayo katika mwandiko ule ule. Katika picha yetu ipo kwenye 3.96: mkia wake umenyooka kama fimbo. Kile kilichoko mwishoni mwa 50 kina mkia uliojipinda kwenda kushoto. Ni herufi. Tatu, ona jaribio lenyewe akilini. Gramu 509 za benzini ni karibu mililita 580, zaidi ya chupa ya soda ya nusu lita. Nani atamwaga benzini yote hiyo kuyeyusha gramu mbili za kitu?

Ajabu ni kwamba kosa lile lile lilitokea mahali pengine na hakuna aliyeumia. Mmoja alisoma "1.92 g" kama 1.929. Tofauti yake ni chini ya nusu ya asilimia moja, ikamezwa katika kukadiria. Tarakimu ya ziada baada ya desimali haina sumu. Ikibandikwa nyuma ya namba nzima ndipo inapoua. Alama ya nyuzi ina tabia hiyo hiyo: ile duara ndogo ya °C husomeka kama sifuri. "3.96°C" ikisomwa 3.960 hakuna hasara, lakini "−2°C" ikisomwa −20, jibu linapungua mara kumi kamili.

Jibu ni 49.7

Hili nalo liko chini ya 64, kwa hiyo haliwezekani, ila hakuna namba iliyosomwa vibaya. Kijana huyu alikuwa na picha nzuri kuliko wenzake. Gawa 128 kwa 49.7 upate 2.57. Sasa tafuta katika swali namba mbili ambazo moja ni mara 2.57 ya nyingine: 3.96 na 1.54. Aliweka kiwango cha kuganda cha myeyusho mahali pa kushuka kwake.

Chanzo chake nakijua kwa sababu nilimuuliza ameshafanya maswali gani. Yote yalikuwa ya maji. Maji safi huganda kwenye sifuri, hivyo myeyusho ukiganda kwenye −0.93, kushuka nako ni 0.93, na mwanafunzi anazoea kuiokota namba ya kipimajoto na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye fomula. Mazoea hayo yanamtosha miezi mizima hadi siku anapokutana na benzini inayoganda kwenye 5.50, au saikloheksani kwenye 6.5, au kafuri inayoyeyuka karibu na 179. Huko namba ya kipimajoto na kushuka ni vitu viwili tofauti.

Dawa yake ni kuandika mstari mmoja kabla ya kila kitu, hata swali likiwa la maji: kiyeyushi safi, toa myeyusho, sawa na kushuka. Kwa maji: 0 − (−0.93) = 0.93. Mstari huo unasaidia pia pale picha inapopoteza alama ya kutoa, jambo ambalo hutokea sana kwa sababu kistari ni chembamba na simu hukifuta inapopunguza ukubwa wa picha. Ukiona myeyusho wa maji unaoganda kwenye +0.93, ujue kistari kimepotea. Kuyeyusha kitu hushusha kiwango cha kuganda, hakupandishi.

Jibu ni 0.72

Hili ni rahisi. Hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko elementi zote, ina 1. Jibu likishuka chini ya 1, mara nyingi kuna 273 iliyoingia mahali isipotakiwa. Mwenye jibu hili alipata kushuka kwa 1.54 akakumbuka kwamba joto katika kemia hugeuzwa kuwa kelvini, akaongeza 273. Kushuka kwa nyuzi 1.54 za Selsiasi ni kushuka kwa kelvini 1.54. Geuza vyote viwili kabla ya kutoa ukipenda, 278.65 toa 277.11, utapata 1.54 ile ile.

Jibu ni 63.1

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo jibu lililonitia wasiwasi kweli. Binti aliyelileta hakuwa na shaka hata chembe. Fomula sahili ina uzito wa 64, yeye amepata 63.1, basi akaandika kwamba fomula ya molekuli ni C5H4 na akafunga daftari. Polisi wetu alimruhusu apite.

Rudi kwenye jedwali lililo juu ya swali. Ukingo wa picha ulikuwa umekata vichwa vya safu. Kilichobaki ni mistari kama hii:

```
maji      0.00   100.0   1.86   0.52
benzini   5.50    80.1   5.12   2.53
```

Safu mbili za kwanza ni kiwango cha kuganda na cha kuchemka. Mbili za mwisho ni konstanti zake, moja ya kuganda na moja ya kuchemka, na bila vichwa hujui ipi ni ipi. Yeye alichukua 2.53. Hiyo ni konstanti ya kuchemka ya benzini, na kwa bahati mbaya ni karibu nusu kamili ya 5.12. Ndiyo maana jibu likaanguka nusu, na nusu ya 128 ni 64, ngazi nyingine halali. Kosa lilivaa sare ya ukweli.

Unalinasaje? Njia iliyo bora ni kuitambua safu kwa mstari unaoujua. Karibu kila mwanafunzi wa S6 anajua kwamba konstanti ya kuganda ya maji ni 1.86. Itafute: iko safu ya tatu. Basi safu ya tatu yote ni ya kuganda, na benzini ni 5.12. Kama mstari wa maji nao umekatwa, tumia hili: kwa viyeyushi mnavyokutana navyo, konstanti ya kuganda ni kubwa kuliko ya kuchemka. Asidi ya ethanoiki ina 3.90 na 3.07. Saikloheksani ina 20 hivi na 2.79. Sababu yake ni kwamba konstanti hupungua kadiri joto la kugeuza hali linavyokuwa kubwa, na kuyeyusha kitu kigumu kunahitaji joto kidogo kuliko kukigeuza mvuke. Kuyeyusha gramu moja ya benzini kunahitaji takriban jouli 126. Kuigeuza mvuke kunahitaji zaidi ya mara tatu yake.

Kuna ishara nyingine, dhaifu zaidi, ambayo mimi huitazama. 63.1 iko asilimia 1.4 chini ya 64. 127.7 iko robo tu ya asilimia mbali na 128. Maswali ya karatasi hutungwa kinyumenyume: mtunzi anaanza na naftalini, anakokotoa kiwango cha kuganda, kisha anakificha kitu. Kwa hiyo hesabu safi hutua karibu sana na ngazi. Ikitua asilimia moja au mbili pembeni, si ushahidi wa kosa, lakini inatosha kukurudisha kwenye picha mara moja zaidi. Katika maabara ya kweli kigezo hiki hakifai, maana kipimajoto kikikosea nyuzi 0.05 katika 1.54 umeshapoteza asilimia tatu.

Nilimwandikia: "Mwanangu, hiyo 2.53 umeitoa safu gani?" Akajibu: "Ya mwisho, mwalimu. Nilidhani zimepangwa kama kitabu chetu." Kitabu chao kinaweka kuchemka kwanza.

Majibu mawili ya 51.2

Wawili waliobaki hawakuweza kulisoma jedwali kabisa, wakaenda kwenye vitabu vya zamani vya kaka zao. Humo benzini imeandikwa 51.2. Si kosa la uchapaji. Vitabu vingi vya zamani huandika konstanti kwa moli moja katika gramu 100 za kiyeyushi, si katika kilo. Kiyeyushi kikiwa kidogo mara kumi, moli ile ile inashusha mara kumi zaidi. Kwa maji utakuta 18.6 badala ya 1.86.

Wa kwanza aliiweka 51.2 kwenye fomula yenye 1000 na kupata 1277. Alama yake ni mara kumi kamili juu, bila kidogo. Hilo linatofautisha ugonjwa huu na ule wa 509, ambao uko chini na si kumi kamili. Dawa ni kusoma maneno yanayofuata konstanti. Ikiwa yanasema "kwa gramu 100", basi 1000 kwenye fomula inakuwa 100:

```
M = (51.2 × 1.92 × 100) / (1.54 × 50) = 127.7
```

Ikiwa maneno yamekatwa, ukubwa wa namba unatosha kwa maji na benzini: 1.86 na 5.12 ni za kilo, 18.6 na 51.2 ni za gramu 100. Kafuri ndiyo inayochanganya, kwa sababu konstanti yake ni kubwa kweli, karibu 40 kwa kilo. Usiigawe kwa kumi kwa kudhani imetoka kitabu cha zamani.

Wa pili ndiye aliyepata 125.4, na ndiye aliyelalamika nilipomwambia amekosea. "Lakini mwalimu, iko karibu na 128, na fomula ya molekuli nimepata ile ile." Ni kweli. Alitumia 51.2 na 1000, kosa la mara kumi kwenda juu, na alikuwa pia amesoma 509, kosa la mara kumi kwenda chini. Makosa mawili yalikutana njiani yakafutana, na kilichobaki ni ile 9 ya ziada, yaani upungufu wa asilimia mbili. Msahihishaji anayefuata hatua ataona W ni 509 na konstanti imewekwa kwenye kizio kisicho chake, na alama zitaondoka hata kama mstari wa mwisho unasema C10H8.

Kosa la namna hii hulioni kwenye jibu la mwisho. Unaliona ukipita hatua kwa hatua. Kwa namba zake, kushuka 1.54 kugawanywa kwa 51.2 kunatoa moli 0.030 kwa kilo. Gramu 509 ni nusu kilo, hivyo moli ni 0.015. Moli zinaonekana sawa, lakini ule mstari wa katikati unasema kwamba moli moja katika kilo nzima ya benzini ingeshusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 51. Linganisha na maji, nyuzi 1.86 tu. Hapo mkono unapaswa kusita.

Jibu likikosea kidogo tu

Makosa ya asilimia nne hadi kumi na mbili huletwa zaidi na maneno kuliko namba. Kama swali linasema "gramu 50 za myeyusho" na wewe ukaziweka zote kuwa benzini, umesahau kutoa zile 1.92, kiyeyushi ni 48.08. Kama linasema "50 cm³ za benzini", lazima uzidishe kwa msongamano wake, takriban gramu 0.88 kwa cm³, upate 44. Ile 3 ndogo ya cm³ ndiyo ya kwanza kupotea kwenye picha, na "cm" iliyofifia ni rahisi kuiruka. Ukiona swali limetoa msongamano wa benzini na wewe hujautumia popote, rudi ukatafute ujazo. Kwa maji kosa hili halionekani, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ni gramu moja.

Na usikate kushuka. 1.54 ikifanywa 1.5 utapata 131, bado unaiona 128. Ikifanywa 2 utapata 98, ambayo iko karibu katikati ya 64 na 128, nawe huna tena la kuamua.

Kama baada ya yote haya picha bado haisomeki, mwambie aliyenayo akutumie kama hati na si kama picha. WhatsApp haiibani hati. Au akusomee kwa sauti, kipimo kimoja kimoja pamoja na kizio chake. Sauti haichanganyi g na 9.

Namba zote ni sahihi, jibu ni maradufu au nusu

Hapa acha kuilaumu picha. Chukua asidi ya benzoiki, yenye masi ya moli 122. Iyeyushe katika benzini, ufanye hesabu bila kosa hata moja, na utapata namba inayokaribia 240. Molekuli zake hushikana mbili mbili kwa vifungo vya hidrojeni ndani ya benzini, kwa sababu benzini haina cha kushikana nazo. Kushuka kwa kiwango cha kuganda kunahesabu vipande vilivyomo, si aina yake, na vipande vimepungua karibu nusu. Asidi ya ethanoiki hufanya vivyo hivyo.

Kinyume chake ni chumvi ya mezani katika maji. Masi yake ni 58.5, lakini hesabu inatoa takriban 30, kwa kuwa kila NaCl imeachana kuwa ayoni mbili.

Tofauti ya ugonjwa huu na ule wa 2.53 iko kwenye kitu chenyewe. Naftalini haina kundi la asidi la kushikana nalo wala ayoni za kuachana, hivyo nusu yoyote kwake ni kosa la msomaji. Kikiwa ni asidi ya kikaboni ndani ya benzini, au chumvi ndani ya maji, na swali likamalizia kwa kukutaka uelezee tofauti kati ya jibu lako na masi inayojulikana, iache namba yako ilivyo na uandike kwamba molekuli zimeshikana au ayoni zimeachana.

Yule binti wa 63.1 alinitumia picha mpya kesho yake, safari hii jedwali zima likiwa ndani, na chini yake ameongeza swali la asidi ya benzoiki alilolikuta ukurasa uliofuata. Alikuwa amepata 238 na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "safu ya tatu, nimehakikisha".